Kaa Chini, Vunja Kioo: Tangazo la Moto Hotelini Linaposomeka Vizuri na Kueleweka Vibaya

Wiki iliyopita nilitumiwa picha moja na watu wanne tofauti, kila mmoja akiwa ameipata kwenye kundi lake la simu. Ni tangazo la moto, lile linalobandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha hoteli. Chini ya picha mtu ameandika, "Nyie watu wa tafsiri, hiki ni nini?" Tangazo lenyewe linasema hivi:

KATIKA TUKIO LA MOTO
1. Baki mtulivu.
2. Vunja kioo ili kupiga kengele ya moto.
3. Kama kuna moshi, kaa chini.
4. Funga mlango na uondoke kupitia mlango wa moto ulio karibu.
5. Mlango ukiwa wa moto, usiufungue.
6. Wageni wanaombwa kutotumia lifti.
7. Fuata mpango wa uokoaji hadi mahali pa mkusanyiko.

Kwenye makundi hayo mabishano yaligawanyika pande mbili. Wa kwanza wanasema aliyetafsiri hajui Kiswahili. Wa pili wanasema Kiswahili chenyewe hakina maneno ya mambo haya. Mimi nimefanya kazi ya kutafsiri maandishi ya aina hii kwa miaka kadhaa, na naona pande zote mbili zimekosea. Ukiuondoa ule mstari wa juu, ambao kweli unanuka lugha ya watu, sentensi zilizobaki mwalimu wa lugha angezitia tiki. Na maneno tunayo, tena ya kutosha. Shida ni kwamba karibu kila mstari una neno lenye maana mbili, na mtu aliyeshtuka usingizini hachagui maana. Anaishika ile ya kwanza inayomjia.

Kabla sijaenda mbali nieleze ninachozungumzia, maana watu huchanganya vitu vitatu. Kuna tangazo la moto, yaani maneno yanayomwambia mgeni afanye nini. Kuna ramani ya kutokea, ule mchoro wa ghorofa wenye mishale na alama ya "uko hapa". Na kuna alama, kama yule mtu mweupe anayekimbilia mlangoni kwenye rangi ya kijani. Vitatu hivi mara nyingi hukaa kwenye karatasi moja, lakini kila kimoja kina kazi yake. Mtafsiri hupewa maneno tu, na humo ndimo makosa mengi huzaliwa.

Tena kuna suala la wakati. Tangazo hili husomwa katika hali mbili. Ya kwanza ni mgeni anapoingia chumbani, anatua begi, anatupa jicho mlangoni. Wengi hata hapo hawasomi. Ya pili ni saa tisa usiku, kengele inalia, taa huenda zimezimika, na mtu amesimama mlangoni na tochi ya simu. Maandishi ya hali ya pili hayafanani na maandishi mengine yoyote. Mama akiona gari linamjia mwanawe hasemi, "Mwanangu, zingatia kwamba kuna chombo cha usafiri kinachokaribia." Anapiga kelele: "Gari! Rudi nyuma!" Anataja hatari, kisha anataja tendo. Tangazo la moto linapaswa kuandikwa kwa sauti hiyo ya mama, ila kwa herufi.

Jambo jingine la kuweka sawa mapema ni kinachoua. Watu wengi hufikiri ni ndimi za moto, kumbe kwenye majengo ya ghorofa ni moshi mara nyingi zaidi. Mfano unaofundishwa hadi leo ni wa hoteli ya MGM Grand huko Las Vegas, Marekani, tarehe 21 Novemba 1980. Moto ulianza chini kabisa, kwenye mgahawa, na watu 85 walikufa. Wengi wao hawakuwa karibu na moto. Walikuwa ghorofa za juu, na moshi uliwafuata huko kupitia mashimo ya lifti, ngazi na mianya ya jengo. Baadhi walikutwa ndani ya lifti. Wengine waliingia kwenye ngazi, wakakuta moshi, wakataka kurudi kwenye korido, na milango ikawa imejifunga nyuma yao, haifunguki kutoka upande wa ngazi.

Mtafsiri akiyajua hayo hawezi tena kulitazama tangazo kama orodha ya sentensi. Kila mstari unapigana na moshi kwa namna fulani, na swali la kuuliza mbele ya kila neno ni hili: mwili wa msomaji utafanya nini? Tuichukue picha ile mstari kwa mstari, lakini si kwa mpangilio, kwa sababu iko mistari inayoweza kuua na iko inayochosha tu.

Naanza na "vunja kioo". Kwenye lugha ya asili, yaani ile ambayo tangazo lilitafsiriwa kutoka kwayo, maneno haya yanahusu kile kiboksi chekundu kilichobandikwa ukutani kwenye korido, mara nyingi karibu na mlango wa ngazi. Zamani kilikuwa na kipande chembamba cha kioo ambacho ulikisukuma kwa kidole gumba kikavunjika, kengele ikalia. Vya siku hizi vingi vina kibao cha plastiki kisichovunjika kabisa. Unakibonyeza, kinaingia ndani, basi. Sasa msomaji wa Kiswahili amesimama wapi anaposoma "vunja kioo"? Yuko ndani ya chumba. Kwetu kioo ni cha kujitazamia, na kioo ni cha dirisha. Chumbani kuna vyote viwili, na kile kiboksi hakionekani kwa sababu kiko nje ya mlango.

Niliwahi kumwonyesha tangazo kama hili kijana mmoja, nikamuuliza angefanya nini. Akageuka akatazama dirisha, kisha akatafuta kitu cha kupigia. Kiti ndicho alichokichagua. Ukivunja dirisha la ghorofa ya tano umefanya mambo mawili mabaya: umewamwagia vipande waliopo chini, na umejinyima dirisha la kufunga pindi moshi wa ghorofa za chini utakapoanza kupanda kwa nje. Tafsiri inayofaa haitaji kioo hata kidogo. Inasema "Bonyeza kiboksi chekundu ukutani, nje ya chumba." Rangi na mahali vinafanya kazi ambayo jina la kifaa haliwezi.

"Kaa chini" ndiyo iliyochekesha watu zaidi, na ni rahisi kuona ilivyozaliwa. Lugha ya asili inasema mtu abaki karibu na sakafu. "Baki" limekuwa "kaa", "karibu na sakafu" limekuwa "chini", na maneno mawili yasiyo na kosa yakiungana yanakuwa amri ya kuketi. Hewa ya moto hupanda, moshi huenda nayo, hivyo karibu na sakafu ndiko hewa ya kuvutika hubaki kwa muda. Lakini hewa hiyo imsaidie mtu kuondoka, si kuketi. Kiswahili kina neno moja linalobeba kushuka na kwenda kwa pamoja: tambaa. Hakuna anayetambaa akiwa amekaa. "Ukiona moshi, tambaa" ni maneno matatu, na mtoto wa miaka sita anayaelewa.

Mstari wa nne na wa tano nimeuweka pamoja kwa sababu vinapigana wenyewe kwa wenyewe, na sijui kama aliyetafsiri aliwahi kuona. Kile kinachoitwa "mlango wa moto" ni mlango uliotengenezwa kuzuia moto na moshi kwa muda unaojulikana, mara nyingi dakika 30 au 60, na ndio unaotenganisha korido na ngazi. Tatizo ni kwamba kwetu kitu kikisemwa ni "cha moto" maana yake kina joto. Maji ya moto, chai ya moto, pasi ya moto. Basi mstari wa nne unamwambia mgeni aondoke kupitia mlango wa moto, na wa tano unamwambia mlango ukiwa wa moto asiufungue. Ukisoma mchana kwa kutulia utagundua kwamba mmoja ni mlango wa ngazi na mwingine ni mlango wa chumba. Ukisoma saa tisa usiku umeambiwa toka kwa mlango usioruhusiwa kuufungua.

Ukimwambia mtafsiri hivyo atakupa "mlango wa kuzuia moto". Ni sawa kwenye kibao kilichobandikwa juu ya mlango wenyewe, ambako wafanyakazi wanaambiwa wasiuegeshee kiti ukabaki wazi. Kwenye tangazo la mgeni hata hilo halihitajiki. Mgeni hahitaji kujua mlango umetengenezwa na nini, anahitaji kujua unaelekea wapi. "Mlango wa ngazi" unatosha. Na ule wa chumbani uandikwe kwa kitendo: "Gusa mlango kwa mgongo wa kiganja. Una joto? Usifungue." Mgongo wa kiganja ni mwepesi kuhisi joto, na ukiungua bado kiganja chenyewe kitashika kitasa na kishikio cha ngazi. Lakini mlango mzuri unaweza kuwa baridi hata kama moto uko upande wa pili, kwa hiyo amri inayofuata isiwe "fungua" tu. Iwe "fungua kidogo, chungulia".

Sasa "funga mlango". Hapa ndipo nilipojifunza unyenyekevu, kwa sababu kosa hili nililifanya mwenyewe na likapita mikononi mwa wahariri wawili. Funga kwa Kiswahili ni kuurudisha mlango mahali pake, na funga ni kutia ufunguo. Watu wa lugha nyingine wana maneno mawili, sisi mara nyingi tunatumia hilo moja na muktadha unatuokoa. Kwenye moto muktadha hauokoi. Nilikuwa nikijaribu tafsiri yangu kwa kumwomba mhudumu wa vyumba, dada mwenye uzoefu wa miaka, aigize hatua zote. Alipofika kwenye "toka na ufunge mlango" alitoka, akaurudisha mlango, akaingiza ufunguo, akauzungusha mara mbili. Akanikabidhi huo ufunguo na tabasamu la mtu aliyemaliza kazi vizuri.

Nilimuuliza kwa nini amezungusha ufunguo. "Si umeandika nifunge?"

Kilichotakiwa ni mlango urudi tu, uzuie moshi usiingie koridoni au usitoke huko. Kutia ufunguo kunakula sekunde, na kunawazuia wanaopita kukagua vyumba kama kuna mtu aliyebaki. Tuna neno linalolenga hasa hilo: rudishia mlango. Pwani wengi watasema shindika, na ni neno zuri kuliko yote, lakini nilipolijaribu kwa watu wa bara wanne, wawili walinitazama tu. Nikabaki na rudishia. Na ufunguo wenyewe, au kadi, mgeni auchukue, kwa sababu milango mingi ya hoteli hujifunga yenyewe ikirudi, na akikuta ngazi zimejaa moshi chumba chake ndicho kimbilio lake pekee. Waliokwama kwenye ngazi za Las Vegas walikosa hicho hasa: mlango wa kurudia.

Mistari mingine niipitie haraka. "Baki mtulivu" unafutwa. Hakuna aliyetulia kwa kuandikiwa atulie, na toleo lake fupi, "Tulia", ni baya zaidi, maana ndilo tunalomwambia mtoto asiondoke alipo. "Mpango wa uokoaji" nao una sumu ndogo: uokoaji ni kazi ya anayekuja kukuokoa, kwa hiyo mgeni anaweza kusubiri aokolewe. Mchoro ule ni wa yeye kujitoa. Uitwe ramani ya kutokea, au usiitwe chochote, uwekwe tu karibu na maneno. "Mahali pa mkusanyiko" pasemwe pale palipo kweli, kwa mfano "lango kuu" au "uwanja wa magari", kwa sababu mkusanyiko ni neno la mikutano na halimwambii mtu aelekee wapi.

Kwenye tangazo jingine nililowahi kulipitia kulikuwa na "Ita zimamoto" na mstari uliofuata "Tumia kizimamoto". Silabi moja mbele ya neno ndiyo tofauti kati ya kikosi na mtungi. Mtungi tuuite mtungi, kikosi tukiite zimamoto. Hata hivyo, kwenye tangazo la mgeni mimi huutoa huo mtungi kabisa. Kumfundisha mtu kuzima moto kwa mistari miwili, tena akiwa na nguo za kulalia, ni kumchelewesha kutoka.

Nimeuacha mstari wa lifti kwa makusudi kwa sababu unahusu jambo la lugha yenyewe, kubwa kuliko neno moja. "Wageni wanaombwa kutotumia lifti." Tazama "kutotumia" kisha tazama "kutumia". Kinachobeba katazo lote ni silabi "to" iliyozama katikati ya neno. Kwa kutupa jicho, mtu anaona "tumia lifti". Ndiyo tabia ya Kiswahili: tunabana ndani ya neno moja nani, lini, ndiyo au hapana, na nani anatendewa. Ni utajiri mtu akiwa na muda. Akiwa hana, kile kidogo kilichobanwa ndicho kinachopotea kwanza. Herufi kubwa zote zinaongeza ubaya, maana "KUTOTUMIA" na "KUTUMIA" ni kuta mbili za matofali zinazofanana.

"Usitumie lifti" ni afadhali, kwa kuwa katazo limeletwa mbele ya neno. Ila angalia jirani yake. Tangazo likiwa na "usipoweza kutoka" mahali pengine, "usi" ile ile sasa si katazo, ni sharti. Nimeona mtu mzima, msomi, akisoma "mlango usipokuwa na joto, toka" na kusita hapo katikati. Kwa hiyo nina kanuni yangu: "usi" katika tangazo la moto ibaki kwa makatazo peke yake, na masharti yote yaandikwe kwa upande wa ndiyo. Badala ya "usipoweza kutoka", andika "moshi ukiziba njia".

Kuhusu lifti kuna mtego mwingine. Wapo wanaoandika "Usipande lifti", kwa kuwa ndivyo tunavyosema, tunapanda lifti kama tunavyopanda basi. Lakini kupanda pia ni kwenda juu, na mgeni wa ghorofa ya sita anataka kushuka. Nisingemlaumu akijiona hakukatazwa. Njia salama ni kutoa amri ya kufanya kabla ya katazo: "Shuka kwa ngazi. Usiingie kwenye lifti." Mkono hufuata amri ya kutenda haraka kuliko katazo, na hata akisoma nusu ya kwanza tu amepata kilicho muhimu.

Na hiyo "wanaombwa"? Najua inatoka wapi. Hoteli haitaki kumkemea mgeni, na sisi wenyewe tumelelewa kwamba mtu haamrishwi mbele ya watu bila "tafadhali". Kwenye tangazo la taulo au la sigara, adabu hiyo ibaki. Hapa inageuza amri kuwa ombi, na ombi mtu ana haki ya kulifikiria. Nimewahi kubishana na meneja kuhusu "tafadhali" moja kwa nusu saa. Nilimuuliza mwanawe akikaribia jiko atamwambia tafadhali. Akacheka, akaikata. Tumia pia umoja, "toka" wala si "tokeni", kwa sababu mwenye kusoma ni mtu mmoja na anayeambiwa atende ni yeye.

Ukishasafisha maneno bado linabaki umbo, na hapa ndipo tafsiri ya neno kwa neno huanguka hata kama kila neno ni sahihi. Ile picha ina mistari saba iliyopangwa kama hatua, moja hadi saba, lakini si hatua za safari moja. Nyingine ni za aliye na moto chumbani mwake, nyingine za aliyesikia kengele tu, nyingine za aliyezuiwa na moshi. Msomaji anaanza namba moja na kuteremka, ilhali hali yake ni namba tano.

Kiswahili kina kifaa kizuri kwa kazi hii, nacho ni "-ki-". "Katika tukio la moto", "iwapo kutatokea moto", "endapo ajali ya moto itajitokeza", yote hayo yanakaa ndani ya silabi moja: ukiona, ukisikia, ukiziba. Tena mtu huyaona maneno hayo mwanzoni mwa mstari na kujitambua papo hapo, kwa kuwa yanaanza na jicho lake na sikio lake. Naepuka hata "moto ukitokea", kwa sababu karatasi hiyo hiyo huwa na "mlango wa kutokea", na kitenzi kimoja kinakuwa cha ajali na cha njia. Baada ya kupunguza na kujaribu, tangazo la ile picha lingekuwa hivi:

UKIONA MOTO CHUMBANI
Toka. Rudishia mlango.
Bonyeza kiboksi chekundu koridoni.
Shuka kwa ngazi.

UKISIKIA KENGELE
Gusa mlango kwa mgongo wa kiganja.
Una joto? Usifungue.
Ni baridi? Fungua kidogo, chungulia.
Chukua ufunguo. Toka. Rudishia mlango.
Ukiona moshi, tambaa.
Shuka kwa ngazi. Usiingie kwenye lifti.
Nenda hadi lango kuu.

MLANGO UKIWA NA JOTO AU MOSHI UKIZIBA NJIA
Baki chumbani. Uko nje? Rudi.
Ziba chini ya mlango kwa taulo zilizolowa.
Piga 0. Taja namba ya chumba.
Simama dirishani uonekane.

Ni refu kuliko la mwanzo, na hili ndilo linalowashangaza wenye hoteli. Wanadhani kueleweka haraka ni kuwa na maneno machache. Lakini msomaji hasomi yote. Anatafuta kichwa kinachomhusu, anasoma mistari iliyo chini yake, anaondoka. Vile vichwa vitatu ni kama vibao kwenye njia panda: unatazama vyote kwa mkupuo, unafuata kimoja. Utaona pia kwamba sikusema afungue dirisha. Moshi ukiwa nje, dirisha wazi linauingiza, na hilo haliwezi kuamuliwa na karatasi. Hiyo 0 nayo si ya kunakili popote. Ni namba ya mapokezi kwenye simu ya chumbani ya hoteli husika, na mtafsiri lazima aiulize, kwa kuwa kila hoteli ina yake.

Kuna wanaosema taabu yote hii ya nini, weka picha. Alama zimesanifiwa kimataifa chini ya kiwango cha ISO 7010, na zimesanifiwa vizuri. Yule mtu anayekimbia alibuniwa Japani na Yukio Ota mwishoni mwa miaka ya 1970, na katika miaka ya 1980 akaingia kwenye viwango vya kimataifa. Kijani kinasema njia salama, nyekundu inasema vifaa vya kupambana na moto. Mgeni asiyejua kusoma lugha yoyote anaweza kuzifuata. Ila picha husema iko wapi njia, haisemi kama. "Mlango ukiwa na joto usifungue" ni sharti, na sijaona mchoro mmoja unaolibeba bila mtu kuuliza una maana gani. Alama na maneno vigawane kazi, na neno lililo kwenye tangazo lifanane herufi kwa herufi na lile lililo juu ya mlango wa ngazi. Tangazo likisema "mlango wa ngazi" na kibao cha koridoni kikasema "njia ya dharura", mtu atapita mbele yake akiutafuta.

Imani nyingine, hii ya watu wa fani yangu, ni kwamba tafsiri inathibitishwa kwa kuirudisha: mtu wa pili anaipeleka tena kwenye lugha ya asili, na zikifanana kazi imekwisha. Kwa mikataba inasaidia. Kwa "vunja kioo" haisaidii kitu, maana inarudi ilivyotoka, bila doa. Kinachokamata makosa haya ni macho ya mtu ambaye hajawahi kuiona lugha ya asili. Mimi huonyesha karatasi kwa sekunde tano, naifunika, kisha simuulizi kama ameelewa. Kila mtu huelewa akiulizwa. Namwambia, "Haya, fanya." Akiangalia dirisha, akiketi, akizungusha ufunguo, nimeshajua mstari upi unarudi mezani. Inatosha kuwa na watu watano au sita wasiofahamiana, mmoja wao awe mzee anayevaa miwani na siku hiyo ameivua. Mara ya mwisho nazima taa na kumpa tochi ya simu.

Ni jaribio hilo la taa lililonionyesha kosa ambalo halimo kwenye maneno yoyote ya picha ile, lakini limo kwenye matangazo mengi. Hoteli moja ilinipa maandishi yenye mstari "Ukitoka, geuka kulia, ngazi ziko mwisho wa korido." Nikatafsiri, nikajaribu chumba namba 214, kila mtu akafika. Nikahamia 215, mkabala wake. Wale waliokuwa wanaijua hoteli wakaenda kushoto kwenye ngazi kama inavyotakiwa, na wale wasioijua wakafuata karatasi, wakageuka kulia, wakafika kwenye stoo ya mashuka. Karatasi ilikuwa moja kwa vyumba vyote, na kulia ya upande mmoja wa korido ni kushoto ya upande wa pili. Ramani ilikuwa na ugonjwa huo huo. Kiwango cha ISO 23601, kinachohusu ramani za kutokea, kinataka mchoro uelekezwe kama msomaji alivyosimama, yaani kilicho juu ya karatasi kiwe mbele yake. Iliyobandikwa 215 ilikuwa nakala ya 214, kwa hiyo ilikuwa kichwa chini miguu juu.

Tangu hapo sitii "kulia" wala "kushoto" kwenye maandishi ya pamoja. Naacha nafasi tupu ijazwe chumba kwa chumba, na ninachoomba kijazwe ni idadi ya milango kutoka hapo hadi kwenye ngazi, pamoja na mshale. Moshi ukishajaa huoni kibao wala rangi, ila mkono unaopapasa ukuta unaweza kuhesabu. Kwenye 214 tuliandika "Milango 4 hadi ngazi" na mshale wa kulia. Kwenye 215 ilikuwa mitano, mshale wa kushoto, kwa sababu ukuta wa upande ule una mlango mmoja zaidi.